Siku Kumi Zilizohesabiwa Mwezi Mzima

Tuseme kiwanda kidogo cha mikate kimenunua oveni kwa shilingi 36,000,000. Mafundi wakaifunga na kuijaribu, na tarehe 21 Aprili 2025 ikawa tayari kuoka. Mhasibu anakadiria kwamba itatumika miaka 5, kisha haitakuwa na thamani tena. Anagawanya bei kwa miezi 60 na kupata uchakavu wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Anaanzia Aprili, anajaza mistari yote 60, anafunga faili.

Aprili hiyo oveni ilikuwa kazini siku 10 tu, tarehe 21 hadi 30. Fungu lake ni 10 kwa 30 ya 600,000, yaani 200,000. Shilingi 400,000 zilizozidi zimekula faida ya mwezi, na mwenye kiwanda huenda akaanza kumshuku msambazaji wa unga.

Kosa hili huzaliwa kirahisi kwenye Excel, maana fomula ya `SLN` huuliza bei, thamani ya mwisho na idadi ya vipindi. Tarehe haiiulizi kabisa. Ikiwa tarehe ya kuanza imeandikwa kwenye `B2`, mwezi wa kwanza huhesabiwa hivi:

```
=600000*(EOMONTH(B2,0)-B2+1)/DAY(EOMONTH(B2,0))
```

Ile `+1` isisahaulike, la sivyo tarehe 21 yenyewe haitahesabiwa.

Tarehe ipi, basi? Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16, uchakavu huanza mali inapokuwa mahali pake na tayari kutumika. Risiti ikiwa ya tarehe 3, hesabu bado inaanza tarehe 21.

Wapo wanaosema mwisho wa yote jumla ni ileile, 36,000,000. Ni kweli, mradi oveni isiuzwe njiani. Ikiuzwa 31 Desemba 2025 kwa shilingi 31,000,000, jedwali sahihi litakuwa limeondoa 5,000,000, kwa hiyo hakuna faida wala hasara. Jedwali lenye kosa limeondoa 5,400,000, na vitabu vitaonyesha faida ya 400,000 ambayo haikupatikana popote.

Mkaguzi hulitambua kosa hili bila kikokotoo. Mali iliyoanza kutumika katikati ya mwezi inapaswa kuwa na mistari 61, wa kwanza na wa mwisho ikiwa pungufu. Hapa mstari wa 61 ni Aprili 2030, siku 20, shilingi 400,000. Kosa likigunduliwa kabla ya kufunga mwaka, gharama ya uchakavu hupunguzwa kwa 400,000, uchakavu uliolimbikizwa hupunguzwa vivyo hivyo, na mstari huo huongezwa.

Zipo kampuni zilizojiwekea sera ya kuhesabu mwezi mzima wa kununua na kuuacha mwezi wa kuuza. Tofauti ikiwa ndogo na sera ikafuatwa kwa mali zote, wakaguzi kwa kawaida huikubali. Kinachowafanya waulize maswali ni jedwali linalotoza mwezi mzima wakati wa kununua, kisha likatoza mwezi mzima tena wakati wa kuuza.