Salamu za Kuzaliwa kwa Rafiki Aliyeachika Juzi

Mara nyingi ujumbe huwa hivi: “Hepi bethidei kipenzi! Usilie, songa mbele, sahau yaliyopita. Yule hakukufaa. Mwaka huu Mungu atakupa mume mwema kuliko yeye.” Aliyeuandika ana mapenzi ya kweli. Lakini tuusome kwa macho ya anayeupokea: tuseme ni mama wa Tanga, anatimiza miaka 36, ana watoto wawili, alipewa talaka mwezi uliopita na sasa amerudi kwao.

Kinachomfikia kwanza ni amri tatu mfululizo. Usilie, songa, sahau. Siku yake ya kuzaliwa amekabidhiwa kazi, na kama asubuhi hiyo ameamka akilia, ataona haya kukujibu ukweli. Atakuandikia “asante sana” na kuweka simu chini.

Kisha anatakiwa mume mpya. Ikiwa ni Mwislamu na talaka yake ni rejea, bado yumo ndani ya eda, yaani twahara tatu, ambazo kwa kawaida huchukua miezi mitatu hivi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Muda huo mumewe anaweza kumrejea, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumposa. Huenda moyoni anangoja kurejewa, na huenda ndicho anachokiogopa. Rafiki asiyejua lipi kati ya hayo mawili hana haki ya kumchagulia.

Kumsema vibaya mume aliyemwacha kuna hatari hiyo hiyo. Wakirudiana, maneno yako yatabaki kwenye simu. Wasiporudiana, bado yule ni baba wa watoto, na watoto hushika simu ya mama yao. Tena mgawanyo wa mali na malezi huweza kubishaniwa mahakamani muda mrefu baada ya talaka yenyewe.

Wale wanaovunja ndoa kwa njia ya mahakama Tanzania nao wana uchovu wao. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwa kawaida mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Kwa hiyo mtu huyu ameshaeleza mambo ya chumbani kwake mbele ya wazee wa familia, mbele ya baraza na mbele ya hakimu. Swali la “kwani ilikuwaje?” lisiwemo kabisa, hata likiulizwa kwa upole.

Mimi ningemwandikia huyo mama wa Tanga hivi:

“Shoga yangu, leo ni siku yako, nami nimefurahi kwamba ulizaliwa. Najua mwaka huu umekuwa mzito. Leo cheka, lia au lala tu, vyote sawa kwangu. Jumamosi jioni nitapita kwenu na vitumbua, tukae na watoto barazani. Kama hutaki wageni niambie, nitaviacha kwa mama. Si lazima unijibu. Nakupenda.”

Uzito umetajwa kwa sentensi moja, ukaachwa hapo. Ukiuruka kabisa, ataona unajifanya hujui. Ukiuandikia aya nzima, salamu inageuka tanzia. Neno talaka halimo, kwa sababu hakuna haja ya kumkumbusha asichoweza kukisahau.

Na tumaini liko wapi? Liko kwenye Jumamosi. Wengi hudhani ujumbe wa matumaini lazima ufike mbali, kwenye ndoa nyingine au “ukurasa mpya”. Aliyeachika mwezi uliopita hawezi kuona mbali hivyo, na kulazimishwa kuangalia huko kunamchosha. Siku nne zijazo anaweza kuziona. Ahadi ndogo yenye siku na saa inamwonyesha kwamba bado ana watu, na mlango wa kuikataa umeachwa wazi ili isiwe mzigo. Ila usiahidi Jumamosi kama huna uhakika nayo. Huyu ametoka kuvunjiwa ahadi kubwa.

Mtumie yeye peke yake, si kwenye kundi la Wasapu la mliosoma pamoja, ambako mmoja atauliza “shemeji amekupa zawadi gani?” kwa kutojua. Usiweke picha yake kwenye stetasi bila kumwuliza. Picha nyingi nzuri alizopendeza ni za harusi na sikukuu, na mkono wa mume aliyekatwa pembeni bado unaonekana begani.

Akikaa kimya, usimtumie mwingine wa kuuliza kama ameuona. Ijumaa mwandikie mstari mmoja tu: “Kesho vitumbua bado vipo, nije au nimpe mama?”