Oti na shayiri: utelezi wake wafanya kazi gani katika damu?

Katika maduka ya Lubumbashi, Bukavu na Goma huuzwa nafaka moja bapa na nyeupe-nyeupe, iliyotiwa katika makopo au mifuko. Wasemao Kifaransa huiita avwani. Sisi tutaiita oti. Mara nyingi mtu huinunua baada ya mganga kumpima damu na kumwambia kwamba kolesteroli yake imezidi. Jirani amemshauri, naye ametoa fedha. Lakini oti hiyo hutoka ng'ambo, na bei yake si ndogo kwa jamaa yenye watoto. Yafaa basi kujua inafanya nini mwilini, na ni kiasi gani kinachofaa.

Kolesteroli ni kitu cha jamii ya mafuta. Mwili wenyewe huihitaji, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu. Husafiri katika damu ndani ya vichukuzi vidogo sana. Vile vinavyoitwa LDL, vikizidi, hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuacha mzigo wao humo, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ya damu inasonga. Wala mtu hasikii maumivu yo yote, hata siku moyo au ubongo unapokosa damu.

Sasa tutazame oti. Ndani yake mna ufumwele mmoja uitwao beta-glukani. Shayiri nayo inao. Ukipika uji wa oti na kuuacha upoe kidogo, utaona unavutika na kuteleza, karibu kama mlenda. Utelezi huo ndio beta-glukani, na ndio dawa yenyewe. Tumbo letu haliwezi kuusaga, kwa hiyo hufika katika utumbo mwembamba ungali mzito.

Humo hukutana na nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kwa kutumia kolesteroli, kisha huzimimina katika utumbo ili zisaidie kusaga mafuta. Kazi ikiisha, mwili hauzitupi. Karibu zote hunyonywa tena mwisho wa utumbo mwembamba, zikarudi katika ini na kutumika upya, kama mke mwangalifu atunzavyo mafuta ya kukaangia. Lakini utelezi wa oti hunasa sehemu ya asidi hizo na kutoka nazo chooni. Ini linapoona akiba yake imepungua, hulazimika kutengeneza nyingine, na kwa kazi hiyo huvuta kolesteroli kutoka katika damu. Ndivyo LDL inavyopungua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963 wataalamu wa Uholanzi waliwalisha watu mkate wenye oti nyingi, wakaona kolesteroli yao imeshuka. Majaribio mengi yaliyofuata yamekubaliana juu ya kipimo: gramu 3 za beta-glukani kila siku. Kwa kipimo hicho LDL hupungua kwa 5 hadi 7 kwa mia, kwa wastani. Serikali ya Amerika iliruhusu maneno hayo yaandikwe juu ya vyakula vya oti mwaka 1997.

Lakini gramu 3 hizo si gramu 3 za oti. Katika gramu 100 za oti kavu mna gramu 4 hivi za beta-glukani. Basi anayetaka gramu 3 ale gramu 75 za oti kavu kila siku. Kikombe cha robo lita, kikijazwa oti kavu, huchukua gramu 80 au 90. Kwa hiyo kipimo ni kikombe kasoro kidogo. Wengi hukosea hapa: hupika vijiko viwili au vitatu katika maji mengi, wakanywa, kisha wakasema oti haina faida. Afadhali kukigawa kipimo mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni. Makapi ya oti, yanayouzwa peke yake mahali pengine, yana beta-glukani zaidi, na gramu 45 hivi zaweza kutosha.

Shayiri iliyokobolewa yakaribia kuwa sawa na oti, kwa sababu beta-glukani yake imeenea ndani ya punje nzima, wala haikai katika ganda tu. Gramu 75 kavu zatosha. Ichemshwe hata punje ziwe laini, kwa muda wa dakika 45 au zaidi, ikaliwe na maharage au katika supu. Maji yake yasimwagwe, maana sehemu ya utelezi imeyeyuka humo.

Hapo mtu atacheka na kusema: Basi bia ni dawa, kwa kuwa imetengenezwa kwa shayiri! Sivyo. Mtengeneza bia huiotesha shayiri kwanza, na mmea mchanga hutoa vimeng'enya vinavyokatakata beta-glukani. Yeye mwenyewe apenda iwe hivyo, kwani maji yenye utelezi hayachujiki vizuri. Beta-glukani iliyokatwa vipande vidogo haina uzito tena, na isiyo na uzito hainasi nyongo sawasawa. Unga wa ngano nao una vimeng'enya vya namna hiyo, hivyo oti iliyotiwa katika mkate na kuumuliwa kwa saa nyingi hupoteza nguvu kiasi. Uji haupati hasara hiyo. Tena tujihadhari na pakiti ndogo zilizokwisha kutiwa sukari: tukitaka kutimiza gramu 75 kwa hizo, tutakula sukari nyingi pia.

Tuseme mwalimu mmoja wa Bukavu amepimwa, na LDL yake ni 160. Anaanza kula gramu 75 kila siku, bila kuruka. Baada ya majuma sita anarudi kupimwa katika maabara ile ile. Akionekana na 150 hivi, oti imefanya kazi yake yote. Asitazamie kushuka hadi 100. Akionekana na 157, asifurahi wala asihuzunike, maana damu ya mtu yule yule hupanda na kushuka kidogo hata bila sababu. Na akiacha oti, baada ya majuma machache kolesteroli itarudi pale ilipokuwa. Huyo huyo akipunguza nyama ya mafuta, na mafuta ya mawese ambayo karibu nusu yake ni ya aina ipandishayo LDL, atapata nafuu nyingine juu ya ile ya oti. Ugali wa mahindi au wa muhogo hauwezi kushika mahali pa oti, kwa sababu beta-glukani yake ni kidogo mno. Maharage yana ufumwele wa namna nyingine ambao nao husaidia, na bei yake twaijua.

Kuna watu ambao uji hauwatoshi. Mwenye LDL ya 190 au zaidi, hasa kama baba yake au ndugu zake walipatwa na ugonjwa wa moyo wangali vijana, huenda amerithi kolesteroli hiyo. Mtu wa namna hiyo anahitaji vidonge. Na aliyekwisha kupewa vidonge na mganga asiviache kwa ajili ya oti: vidonge hivyo hupunguza LDL mara nyingi kwa 30 kwa mia au zaidi. Ale oti pamoja navyo.

Anayeanza aanze na nusu ya kipimo kwa juma moja, kwa sababu ufumwele mwingi wa ghafula hujaza tumbo hewa, na anywe maji ya kutosha.