Cheti Hakitaji Mwenye Kampuni

Tuseme broka anakuuzia ploti Mariakani, na anakuonyesha cheti cha usajili cha kampuni “yake”. Shika pesa zako kwanza. Cheti kina jina la kampuni, namba na tarehe ya kusajiliwa. Kinakuambia mtoto kazaliwa, wazazi hakiwataji.

Itisha memoranda na katiba ya kampuni. Jina lifanane na la cheti herufi kwa herufi. Likitofautiana, kuwe na cheti cha kubadilisha jina. Sasa fungua ukurasa wa sahihi. Tuseme ni kampuni ya 2012 yenye hisa 1,000, na waanzilishi wawili walichukua hisa moja moja. Broka hayumo. Je, anadanganya? Si lazima. Hisa 998 zilibaki, na huenda alipewa baadaye. Memoranda ni picha ya siku ya kwanza tu.

Akisema aliuziwa hisa, soma kipengele cha kuhamisha hisa kwenye katiba. Katiba nyingi za kampuni binafsi huwapa wakurugenzi nguvu ya kukataa mnunuzi, kwa hivyo risiti pekee haimfanyi mwanahisa.

Anayejua wenye hisa wa leo ni Msajili wa Kampuni. Omba CR12 kupitia eCitizen, ukitumia ile namba ya kwenye cheti. Hapo ndipo cheti kina kazi.