Pembe Inapopimwa Kutoka Kwenye Timazi

Boriti ya zege yenye urefu wa mita 5.5, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 50 ina uzito wa karibu tani 2. Ili kuipandisha ghorofani, mafundi hufunga mikanda miwili kwenye vitanzi vya nondo vilivyoachwa juu yake wakati wa kumwaga zege, na ncha za juu za mikanda hiyo hukutana kwenye kulabu ya kreni. Kabla kreni haijaanza kuvuta, msimamizi anapaswa kujua jambo moja: kila mkanda unabeba kiasi gani?

Wengi hujibu haraka kwamba ni tani moja kila mmoja. Ingekuwa hivyo kama mikanda ingening'inia wima kabisa. Lakini mikanda imeinama, na mkanda ulioinama unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unaivuta boriti kwenda juu, na papo hapo unaivuta kuelekea katikati. Ile ya kwanza tu ndiyo inayobeba uzito. Ya pili haiinui hata kilo moja, ila inautoa mkanda jasho vilevile. Kuigawa kani ya mkanda katika sehemu hizo mbili, ya wima na ya mlalo, ndiyo hesabu tunayoihitaji hapa. Nitatumia kilo, kama wanavyozungumza mafundi. Anayetaka nyutoni azidishe kwa 10, atakuwa karibu sana na jibu.

Shuleni wengi wetu tulikariri kwamba sehemu ya mlalo ni kani mara kosini ya pembe, na sehemu ya wima ni kani mara sini. Kauli hiyo ni kweli pale tu pembe inapopimwa kutoka kwenye mstari wa mlalo, kama ilivyokuwa katika karibu kila mchoro wa kitabu. Kwenye kreni mambo ni mengine. Mzigo unaning'inia, na mstari ulio wazi zaidi kwa macho ni ule wa timazi inayoshuka kutoka kwenye kulabu. Kwa hiyo pembe hupimwa kati ya mkanda na timazi. Ukibaki na kauli uliyoikariri, utazibadilishana sehemu mbili na jibu lako litakuwa la uongo.

Chora ukaone. Chora mkanda kama mstari wa mshazari kutoka kwenye kulabu hadi kwenye kitanzi. Kutoka kwenye kulabu shusha timazi hadi juu ya boriti, kisha unganisha chini kwa mstari wa mlalo mpaka kwenye kitanzi. Umepata pembetatu mraba, na pembe yetu iko juu, kwenye kulabu. Upande unaoigusa pembe hiyo, ukiacha mshazari wenyewe, ni timazi. Upande unaotazamana nayo ni ule wa mlalo. Kosini daima ni ya upande unaoigusa pembe, na sini ni ya upande unaotazamana nayo. Basi hapa sehemu ya wima ndiyo inayochukua kosini, na ya mlalo inachukua sini. Hakuna kanuni mpya iliyoingia. Kilichohama ni mahali pembe ilipo.

Tuirudie boriti yetu. Tuseme vitanzi viko mita 3 kutoka kimoja hadi kingine, na kila mkanda una urefu wa mita 3. Pembetatu yote ina pande tatu sawa, kwa hiyo pembe ya juu ni nyuzi 60, na timazi inaigawa katikati: kila mkanda umeachana na timazi kwa nyuzi 30. Kila mkanda lazima uinue nusu ya uzito, yaani kilo 1,000. Kosini ya nyuzi 30 ni 0.866. Gawa 1,000 kwa 0.866, unapata kilo 1,155. Hiyo ndiyo kani iliyomo ndani ya mkanda. Sehemu yake ya mlalo ni 1,155 mara sini ya nyuzi 30, ambayo ni 0.5, yaani takriban kilo 577.

Sasa chukulia kwamba mikanda ya mita 3 haipo, na mafundi wameokota mifupi ya mita 1.73. Vitanzi havijasogea. Kulabu imeshuka karibu na boriti na mikanda imelala: kila mmoja umeachana na timazi kwa nyuzi 60. Kosini ya nyuzi 60 ni 0.5. Gawa 1,000 kwa 0.5, unapata kilo 2,000 kwa kila mkanda. Boriti ni ileile, kreni ni ileile, lakini kila mkanda sasa unavutwa kana kwamba umebeba boriti nzima peke yake.

Hapo ndipo kauli ya kukariri inapoumiza. Msimamizi aliyezoea kwamba wima ni sini atabonyeza sin 60 kwenye kikokotoo, apate 0.866, agawe, na jibu litamwambia kilo 1,155. Kama ana mikanda iliyoruhusiwa kubeba tani 1.5, ataona amebaki na akiba nzuri. Ukweli ni kwamba ameuzidisha mkanda kwa kilo 500. Kosa hilohilo likifanyika kwenye nyuzi 30, jibu huwa kilo 2,000 badala ya 1,155, na hasara yake ni kutafuta mikanda minene isiyohitajika. Yaani kosa ni moja, lakini mikanda inapokuwa imesimama linakutisha bure, na inapokuwa imelala linakutuliza wakati wa hatari. Ndiyo maana linaweza kudumu kwa muda mrefu bila mtu kuligundua.

Kuna njia mbili za kujikagua ambazo watu huziamini na zote hazilioni kosa hili. Ya kwanza ni kanuni ya Pitagora. Katika mfano wa nyuzi 60, sehemu sahihi ni 1,000 ya wima na 1,732 ya mlalo. Aliyezibadilishana atasema 1,732 ya wima na 1,000 ya mlalo. Zidisha kila moja kwa yenyewe ujumlishe: mafungu yote mawili yanarudi kwenye 2,000. Pitagora hana habari kipi ni cha wima. Njia ya pili ni kujaribu kwa mfano wa nyuzi 45. Hapo sini na kosini ni sawa, 0.707, na hata aliyekosea anapata jibu sahihi. Mwalimu anayewapa wanafunzi mifano ya nyuzi 45 peke yake hatajua kamwe nani ameelewa.

Kinacholifichua ni kuipeleka pembe mwisho kichwani. Jiulize: pembe ikiwa sifuri, mkanda unakuwaje? Kama pembe inapimwa kutoka kwenye timazi, sifuri maana yake mkanda umesimama wima, na kani yote ni ya wima. Kosini ya sifuri ni 1, sini ya sifuri ni 0. Basi wima lazima ichukue kosini. Kama pembe ingepimwa kutoka kwenye mlalo, sifuri ingemaanisha mkanda umelala kabisa na hauinui kitu, na wima ingechukua sini. Jaribio hili halihitaji karatasi, na ndilo ninalolitegemea mimi kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Watengenezaji wa vifaa vya kunyanyulia nao hawatumii mstari mmoja. Minyororo ya mikono miwili iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huwa na kibati chenye viwango viwili vya uzito: kimoja cha nyuzi 0 hadi 45, kingine cha nyuzi 45 hadi 60, zote zikipimwa kutoka wima. Ikiwa mkono mmoja wa mnyororo unaruhusiwa tani 1, kibati kitasema tani 1.4 kwa fungu la kwanza na tani 1 kwa la pili. Namba hizo unaweza kuzipata mwenyewe: mara mbili ya kosini ya nyuzi 45 ni 1.41, na mara mbili ya kosini ya nyuzi 60 ni 1. Vifaa vya Marekani kwa kawaida hupima kutoka kwenye mlalo, na huandika nyuzi 60, 45 na 30. Kwa mnyororo uleule, nyuzi 60 za Kimarekani ni tani 1.73, wakati nyuzi 60 za Kizungu cha Ulaya ni tani 1. Vifaa vya aina zote mbili vinaweza kulala kwenye bohari moja. Mpaka wa matumizi ya kawaida kwa wote ni uleule, kwa sababu nyuzi 60 kutoka wima ndizo nyuzi 30 kutoka mlalo. Kinachotofautiana ni mahali walipoanzia kupima.

Anayeogopa pembe anaweza kuikwepa. Pima urefu wa mkanda, kisha pima kimo cha wima kutoka juu ya boriti hadi kwenye kulabu. Gawa urefu kwa kimo, zidisha kwa nusu ya uzito. Kwa mikanda ya mita 3 kimo ni mita 2.6, na hesabu inatoa kilo 1,154, tofauti ya kilo moja inayotokana na kukata desimali. Kwa mikanda ya mita 1.73 kimo ni sentimita 87 tu, karibu nusu ya urefu wa mkanda, na kani inakaribia kilo 2,000. Futi kamba inatosha. Kimo kikiwa chini ya nusu ya urefu wa mkanda, umevuka nyuzi 60 na kazi isimame.

Hesabu hizi zote zinadai mikanda iwe na urefu sawa, na kitovu cha uzito kiwe katikati ya vitanzi, chini ya kulabu. Boriti ikiwa nzito upande mmoja, mkanda wa upande huo utabeba zaidi ya nusu. Zinadai pia kreni ivute taratibu, maana mshtuko wa kuanza ghafla huongeza kani juu ya hizi tulizozipata. Na ile sehemu ya mlalo isidharauliwe kwa kuwa hainyanyui. Kwenye nyuzi 60 kila mkanda unakivuta kitanzi chake kwa ubavu kwa kilo 1,732, kitanzi cha nondo ambacho huenda kilitegemewa kuvutwa kwenda juu tu. Kwa mzigo usiostahimili kubanwa, hutumika boriti ya chuma ya kutanulia, ambayo mikanda ya chini hushuka kutoka kwake ikiwa wima.

Kwa wasimamizi wa ujenzi nina ombi moja. Kila mahali mnapoandika pembe, kwenye mchoro, kwenye ubao wa maelekezo au kwenye daftari la kazi, ongezeni maneno mawili mbele ya namba: "kutoka wima" au "kutoka mlalo". Na mkanda ambao kibati chake kimefutika au kimeng'oka usitumike kunyanyua chochote.