Je, TTL ndiyo inayochelewesha mabadiliko ya DNS?

Swali: Tumehamisha tovuti ya duka letu kwenye seva mpya. Fundi anasema rekodi mpya ya DNS inacheleweshwa na TTL, na itachukua saa 48 kusambaa duniani. Je, maelezo haya ni sahihi?

Jibu: Kuhusu TTL, fundi wenu yuko sawa. Kuhusu kusambaa, hapana. Ukibadilisha rekodi, seva kuu ya jina lenu huanza kutoa jibu jipya karibu papo hapo, na haimtumii mtu yeyote taarifa. Kinachochelewa ni majibu ya zamani ambayo seva za kampuni za intaneti zimekwisha kuyahifadhi. TTL ni idadi ya sekunde ambazo zinaruhusiwa kuyatumia kabla ya kuuliza tena.

Tuchukue mfano. Rekodi ya example.com ina TTL ya 86400, yaani saa 24, nanyi mmebadilisha anwani Jumatatu saa nne asubuhi. Seva iliyouliza dakika moja kabla itaendelea kutoa anwani ya zamani hadi karibu saa nne Jumanne. Iliyouliza Jumapili saa sita mchana itapata mpya Jumatatu saa sita mchana. Ambayo haikuwa na jibu lililohifadhiwa inapata mpya mara moja. Ndiyo maana wewe unaweza kuona tovuti mpya huku jirani yako akiona ya zamani.

Hapa wengi hukosea: hushusha TTL wakati uleule wanapobadilisha anwani. Haisaidii, kwa sababu jibu lililokwisha kuhifadhiwa linafuata TTL ya zamani. Shusheni hadi 300 kwanza, subirini saa 24 zipite, ndipo mbadilishe anwani. Hapo wengi watasubiri dakika tano tu.

Ili kuona muda uliobaki, andika:

```
dig example.com A
```

Namba iliyo baada ya jina kwenye jibu ni sekunde zilizobaki. Rudia amri baada ya muda. Ikipungua, unasoma jibu lililohifadhiwa.

Hizo saa 48 nazo hazikuzuka hivihivi. Kwa majina ya .com, rekodi zinazoonyesha seva kuu za jina zina TTL ya sekunde 172800, sawa na saa 48, katika ngazi ya juu. Kwa hiyo ukihamisha DNS yenyewe kwenda kampuni nyingine, muda huo una maana. Kubadilisha anwani ya tovuti peke yake hakuuhusu.

TTL pia haielezi kila ucheleweshaji. Vivinjari na kompyuta huhifadhi majibu yao, na zipo seva zinazokiuka TTL. Kwa hiyo msizime seva ya zamani hadi TTL ya zamani ipite yote na muone wageni wameacha kuingia humo.