Kutoa habari mbaya kwa mdomo

Kutoa habari mbaya kwa mdomo ni kumweleza mtu au kundi, ana kwa ana au kwa simu, jambo litakalomletea hasara au huzuni. Katika shughuli za kazi, msikilizaji huwa mteja aliyeahidiwa kitu au kikosi kinachotegemea mapato fulani. Namna ya kusema haiondoi hasara, lakini huamua kama msikilizaji ataielewa mapema na kupata nafasi ya kujipanga.

Ufunguzi

Kwa wasemaji wa Kiswahili ugumu huanzia kwenye salamu. "Habari?" hujibiwa "Nzuri" au "Salama" hata penye shida, na shida yenyewe huja baadaye kwa neno "ila". Mteja aliyesikia "Nzuri" huanza kutumaini. Kwa hiyo salamu hutolewa kwa heshima yake, kisha hufuata sentensi moja ya kumtayarisha msikilizaji, kama "Nina habari mbaya", na mara moja habari yenyewe. Sababu hutangulia tu pale msemaji anapoogopa. Msikilizaji naye hubaki akisubiri pigo bila kusikia maelezo.

Mfano wa mpangilio huu ni tangazo la tarehe 17 Machi 2021. Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais na akiwa ziarani mkoani Tanga, alitangaza kifo cha Rais John Magufuli. Kifo kilitajwa mwanzoni, pamoja na siku, mahali na ugonjwa. Historia ya matibabu na siku 14 za maombolezo zilifuata baadaye. Hata hivyo, tangazo la televisheni halina nafasi ya msikilizaji kujibu. Kwa mteja nafasi hiyo ni lazima.

Lugha ya ukweli

Vitenzi vya kutendeka humficha mtendaji. "Kifaa kimevunjika" ni sahihi kama kilivunjika chenyewe. Kama fundi ndiye aliyekivunja, ukweli ni "nimekivunja". Vilevile "pole" huonyesha huruma tu, wakati "samahani" hukubali wajibu. Anayesema "pole" kwa hasara aliyoisababisha mwenyewe huonekana anakwepa. Ahadi zisizo na siku, kama "kesho kutwa hivi", huahirisha tu habari mbaya ya pili.

Mfano wa fundi na nahodha

Tongoni ni kijiji cha wavuvi kusini mwa jiji la Tanga. Tuchukue mfano wa kubuni wa nahodha wa huko anayevua dagaa kwa taa. Uvuvi huo hufanyika wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa kuwavuta samaki. Fundi ameahidi kukabidhi mashine ya boti siku ya Ijumaa, giza linapoanza. Jumanne anaifungua na kukuta krenki imepasuka. Anapiga simu siku hiyohiyo:

– Shikamoo, nahodha.

– Marahaba, mwanangu. Vipi mashine?

– Nina habari mbaya, nahodha. Mashine haitakuwa tayari Ijumaa hii. Krenki imepasuka na spea inatoka Dar. Nitakukabidhi Ijumaa ya wiki ijayo.

Hapo fundi ananyamaza. Kimya hiki ndicho kigumu zaidi, kwani msemaji hutamani kukijaza kwa "usijali".

– Yaani giza lote hili watu wangu wakae bure?

– Wiki nzima imepotea, nahodha, ni kweli. Nilikupa siku kabla sijaifungua mashine. Hilo ni kosa langu, samahani.

Fundi amekiri hasara kwa ukubwa wake bila kubishana na hasira. Nahodha anapouliza "Sasa tufanyeje?", ndipo wakati wa njia mbadala: akiazima mashine kwa mwenzake, fundi ataifunga bila malipo. Njia hiyo ikitajwa kabla ya swali, huonekana kama kumnyamazisha mteja.

Mwishoni fundi anauliza, "Basi tumeelewana vipi, nahodha?" Nahodha akijibu "Nije Ijumaa hii nijaribu", habari haijaingia na inarudiwa kwa maneno yaleyale machache.

Siku ya simu ni muhimu pia. Jumanne nahodha ana siku tatu za kutafuta mashine. Angeambiwa Ijumaa, petroli na barafu zingekuwa zimeshanunuliwa.

Mbele ya kundi

Sasa nahodha ana zamu yake kwa mabaharia, ambao hulipwa kwa mgawo wa mavuno. Huwaita wote pamoja, kwa kuwa anayesikia kwa mwenzake hudhani amefichwa kitu. Maneno ya wa kwanza kukasirika yasichukuliwe kuwa ya wote; wakimya huulizwa kando baadaye.

Mipaka

Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kuwaeleza wagonjwa wa saratani. Kabla ya kutoa habari, daktari huuliza mgonjwa anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Swali hilo la pili halimfai mteja wa fundi: lazima ajue yote yanayogusa mali yake.