Fahamu: Cherehani ya pili italipa?

Tuseme fundi wa Kariakoo anataka kukodi cherehani ya pili kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni gharama isiyobadilika: ashone gauni moja au hamsini, kodi ni ileile. Uzi, zipu, bitana na ujira wa msaidizi anayelipwa kwa kila nguo ni gharama zinazobadilika. Pasipo oda, hazipo.

Gauni moja humwingizia 15,000, na gharama hizo hula 9,000. Zinabaki 6,000. Gawa 60,000 kwa 6,000: anahitaji magauni 10 ili kodi irudi, na faida inaanza na la 11. Ila ahesabu tu oda ambazo cherehani ya kwanza ingeshindwa kuzimaliza. Pango la fremu asiliingize, maana atalilipa hata asipokodi cherehani.